Bonde likipanda tena: kupima mafumbo na mikatizo kwenye grafu ya watazamaji

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina chaneli ya YouTube ya mambo ya sola, video zangu ni za dakika kama 10. Kwenye skripti naweka fumbo mwanzoni ambalo nalijibu mwishoni, na mkatizo kila baada ya sekunde 30 kama nilivyofundishwa: mlio, picha kusogezwa karibu, maandishi. Nikifungua grafu ya watazamaji waliobaki naona mabonde. Mengine yanapanda tena, mengine hayapandi. Je, yakipanda ndiyo dalili kwamba mbinu zimefanya kazi? Nitahakikishaje?*

Hapana, ndugu yangu. Mstari kupanda baada ya bonde hakuonyeshi kwamba mkatizo umefaulu. Mara nyingi kunaonyesha kwamba watu wameruka kipande ulichodhani unawashikia.

Sababu iko kwenye namna mstari wenyewe unavyohesabiwa. Kila nukta ni idadi ya mara kipande hicho cha video kilitazamwa, ikigawanywa kwa idadi yote ya utazamaji wa video. Mtu aliyefunga video dakika ya 3 hajui kwamba dakika ya 5 umeweka mlio mzuri, hayupo, hausikii. Kwa hiyo mstari hauna njia ya kupanda isipokuwa hizi tatu: kuna aliyeruka mbele na sasa ametua, kuna aliyerudisha nyuma anatazama mara ya pili, au kuna aliyeingia moja kwa moja katikati, kwa mfano kupitia kiungo kilichowekewa muda. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye ni mtazamaji aliyekuwa anachoka halafu mkatizo ukamwamsha. Huyo unayemtafuta ni yule ambaye *hakuondoka*, na asiyeondoka hapandishi mstari. Anachofanya ni kupunguza mteremko wake.

Hivyo mbinu zako mbili utazitafutia alama mbili tofauti. Mkatizo ni kitu kifupi, na athari yake, kama ipo, inaonekana katika nusu dakika inayoufuata: watu waliokuwa wakitoka kwa kasi fulani sasa wanatoka kwa kasi ndogo zaidi. Fumbo ni kitu kirefu. Athari yake inatandazwa kuanzia sekunde ulipolifungua hadi sekunde ulipolifunga, na ushahidi wake mzito unakuja *baada* ya kulifunga, pale mstari unapoporomoka kwa sababu waliokuwa wanasubiri jibu wamelipata. Fumbo likifungwa na mstari ukaendelea kama kawaida, hakuna aliyekuwa akilisubiri. Nakuomba uwe makini hapa, kwa kuwa karibu kila video huporomoka kwenye sekunde zake za mwisho, hasa ukishaanza kuaga. Poromoko la kuaga si ushahidi wa fumbo. Ili uvitenganishe, jibu la fumbo lazima likae angalau dakika nzima kabla ya maneno yako ya kwaheri.

Kabla hujafungua grafu, kaa na video iliyokamilika, siyo skripti, uandike kwenye jedwali muda wa kila tukio: fumbo limefunguliwa wapi, limekumbushwa wapi, limefungwa wapi, kila mkatizo uko sekunde gani na ni wa aina gani. Skripti haitoshi, maana uhariri husogeza mambo kwa sekunde 10 au 20 kirahisi. Na uandike kabla ya kutazama mstari, kwa sababu ukishaona mstari umelegea mahali fulani utapata tu kitu cha kuupa sifa. Ukiwa na mkatizo kila sekunde 30, kila mahali pana mkatizo karibu. Huwezi kukosa wa kumsingizia. Hilo lenyewe ni kasoro ya utaratibu uliofundishwa, nitalirudia.

Sasa data. Kwenye kompyuta unaweza kupitisha kipanya juu ya grafu na kusoma asilimia ya kila sehemu, na kwa video moja inatosha. Lakini kwa hesabu safi tumia API ya takwimu ya YouTube, yaani njia ya kuomba namba zenyewe moja kwa moja. Ukurasa wake wa maelezo una sehemu ya kujaribia ombi bila kuandika programu. Ombi lenyewe ni hili, ukiweka kitambulisho cha video yako na tarehe zako:

```
ids=channel==MINE
dimensions=elapsedVideoTimeRatio
metrics=audienceWatchRatio,startedWatching,stoppedWatching
filters=video==VIDEO_ID;audienceType==ORGANIC
startDate=2025-03-01
endDate=2025-03-31
```

Kichujio cha `ORGANIC` kinaondoa waliofikishwa na matangazo ya kulipia. Hao hutoka kwa mwendo wao wenyewe na wanaharibu mstari. Utapata nukta 100, kila moja ikiwakilisha asilimia 1 ya urefu wa video. Video ya dakika 10 ni sekunde 600, kwa hiyo nukta moja ni sekunde 6. Hapo tayari una kikomo: mkatizo wa sekunde 2 hauna nukta yake peke yake. Usihangaike kuutafuta wenyewe. Tafuta kilichotokea pande zake mbili.

Kipimo ninachokutaka utumie ni hasara ya nusu dakika, yaani kati ya waliokuwepo mwanzo wa sekunde hizo 30, ni asilimia ngapi hawapo mwishoni. Nusu dakika kwako ni nukta 5. Ukiwa na vichwa vya safu kwenye mstari wa kwanza wa lahajedwali na uwiano, yaani `audienceWatchRatio`, kwenye safu B, nukta ya 20 itakaa B21, na hesabu ya dakika 2:00 hadi 2:30 itakuwa:

```
=(B21-B26)/B21
```

Gawanya kwa waliokuwepo, siyo kwa utazamaji wote. Kupoteza watu 20 kati ya 800 na kupoteza watu 20 kati ya 300 ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa macho mstari unashuka sawasawa.

Tuchukue mfano mzima, wa video kama zako: kwa nini betri za asidi za sola zinakufa mapema. Namba ni za mfano na nimezifanya za utazamaji 1,000 ili hesabu ifuatike kwa kichwa. Fumbo linafunguliwa sekunde ya 20: betri mbili mezani, zilinunuliwa siku moja, paneli za aina moja. Mita inasoma volti 12.7 kwenye ya kwanza na 11.4 kwenye ya pili, na mwenye hii ya pili hakuwahi kuitumia hadi ikaisha. Kwa nini imekufa? Jibu linakuja dakika 8:10: kidhibiti chaji kiliwekewa aina isiyo ya betri hiyo, kwa hiyo haikuwahi kujaa hata siku moja. Mikatizo miwili tutakayoipima iko dakika 2:30, mlio na picha kusogezwa karibu, na dakika 4:12, ambapo msimulizi anaacha kuzungumza na kamera, anachukua mita na kupima betri huku akimwuliza mtazamaji akisie itasoma ngapi. Kuanzia 5:00 hadi 5:50 kuna maelezo ya ubaoni kuhusu chembe za salfeti zinazogandia kwenye sahani za risasi.

Anza na 2:30. Dakika 2:00 uwiano ni 0.580, dakika 2:30 ni 0.555, dakika 3:00 ni 0.530. Kabla ya mkatizo tumepoteza 25 kati ya 580, yaani asilimia 4.3. Baada yake tumepoteza 25 kati ya 555, asilimia 4.5. Mlio na picha havikumzuia mtu. Wala havikumfukuza mtu, na hilo nalo useme; ni pambo tu.

Nenda 4:12. Dakika 3:42 ni 0.500, dakika 4:12 ni 0.475, dakika 4:42 ni 0.468. Kabla, hasara ni asilimia 5. Baada, ni 7 kati ya 475, asilimia 1.5. Hapa pana kitu. Mstari haukupanda hata kidogo, na kwa macho ungeupita bila kuuona, lakini watu 25 waliotoka kwenye nusu dakika moja wamekuwa 7 kwenye nusu dakika inayofuata. Huu ndio mkatizo uliofanya kazi kwenye video hii, na hauna bonde wala kilele.

Sasa bonde lenyewe, ambalo pengine ndilo lililokufanya uulize. Dakika 5:00 uwiano ni 0.464. Unashuka hadi 0.400 ifikapo 5:18, na 0.385 ifikapo 5:36. Halafu unapanda: 0.410 kwenye 5:42, na 0.448 kwenye 5:54, pale msimulizi anapotoka ubaoni na kurudi mezani kwenye betri. Ukitazama haraka utasema kurudi mezani kumewarudisha watu. Lakini hesabu kutoka ukingo hadi ukingo: kutoka 0.464 hadi 0.448 ni hasara ya asilimia 3.4 kwa sekunde 54, karibu asilimia 1.9 kwa nusu dakika. Hiyo ni chini ya nusu ya hasara tuliyoiona kwenye dakika ya 2 na ya 3. Waliotoka kabisa ni wachache. Wengine wote waliounda shimo hilo waliruka: ubao umetokea, kidole kimegonga skrini mara mbili, sekunde 10 zimepita, wamegonga tena hadi waone betri.

Safu ya `stoppedWatching` ndiyo inayokata mzizi wa fitina, kwa sababu inahesabu mara ambazo kipande fulani kilikuwa cha mwisho kutazamwa. Jumlisha nukta za bonde hilo, kuanzia 51 hadi 59. Katika mfano wetu tunapata 17. Bonde lina kina cha 79, lakini waliokomea humo ni 17 tu. Wengine wote walilivuka juu kwa juu. Kama jumla ingekuwa 70, na mstari ukapanda hata hivyo, ungelazimika kutafuta wanaopandisha wametoka wapi, na hapo ndipo `startedWatching` inasaidia. Ikiwa nukta ya 59 ina idadi isiyo ya kawaida ya walioanzia hapo, kuna kiungo mahali fulani, pengine kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, kinachowaleta watu moja kwa moja kwenye sekunde hiyo.

Kwa hiyo bonde linalopanda tena linasema mambo mawili kwa pamoja: kipande hiki hakipendwi, ila mtazamaji bado anataka kitu kilicho mbele. Hiyo ni sifa ya fumbo, siyo ya mkatizo uliokaa pembezoni mwa bonde. Asiye na kitu anachosubiri hapati taabu ya kuruka, anafunga. Bonde lisilopanda, lile linalogeuka kuwa ngazi ya kushuka, ndilo la kuhofia zaidi, kwa kuwa waliochoka hawakuona sababu ya kuendelea kuwepo.

Twende kwenye jibu. Dakika 6:24 uwiano ni 0.440, dakika 8:00 ni 0.397, dakika 8:12 umepanda hadi 0.430, dakika 8:30 ni 0.425, na dakika 9:12 umeanguka hadi 0.290. Soma anguko kwanza: kutoka 0.425 hadi 0.290 ni asilimia 32 ndani ya sekunde 42, na kuaga hakujaanza. Fumbo lilikuwa limeshika watu kweli, na baada ya kulifunga hapakuwa na kingine kilicho wazi.

Halafu kile kilele cha 8:12. Kati ya 6:24 na 8:00 mstari umeshuka kwa 43. Jumla ya `stoppedWatching` kwenye nukta hizo ni 12. Basi 31 hawakutoka, waliruka. Na kilele kimepanda kwa 33. Karibu wote waliotua kwenye jibu ni wale waliokuwa wameruka dakika moja na nusu iliyotangulia. Waliorudisha nyuma ili walisikie jibu mara ya pili ni kama hakuna. Hii ni muhimu, maana kilele kwenye jibu hupewa tafsiri ya heshima kwamba watu wamelipenda hadi wakalirudia. Hapa si hivyo. Wamechoka kulisubiri wakalifuata wenyewe.

Mpaka hapa hesabu imekuwa nyepesi kwa sababu tumejipa utazamaji 1,000. Kwenye video yenye utazamaji 200, nusu dakika ya kabla ya mita ingepoteza watu 5 na ya baada ingepoteza 1, na tofauti ya watu 4 inaweza kuwa mvua tu iliyowakatia umeme. Kipimo cha haraka: idadi ya wanaotoka hubadilika yenyewe kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Kwenye 25, mabadiliko ya 5 juu au chini hayana maana yoyote, na hata 10 si ya kushangaza. Kutoka 25 hadi 7 ni tofauti halisi. Kutoka 25 hadi 18 nisingeiandika popote. Kwa hiyo dirisha la kabla likiwa na watu wasiofika 20, usilipime. Panua dirisha au subiri utazamaji uongezeke.

Kuna vitu vinavyojifanya mkatizo uliofaulu, na viwili vinawapoteza wengi. Cha kwanza ni sura za video. Ukiwa umegawa video kwa sura na moja inaanzia 5:54, wanaobofya jina la sura wote wanatua kwenye nukta moja, na mstari utapanda kama ukuta. Wanaogonga skrini mara mbili hutua wakiwa wametawanyika, kwa hiyo mpando wao unachukua nukta 2 au 3. Ukiona ukuta, angalia orodha ya sura kabla ya kusifu skripti.

Cha pili kimejificha zaidi. Mtu anapoburuta kidole kwenye mstari wa muda, YouTube humwonyesha picha ndogo za kilicho mbele, naye huachilia kidole pale picha inapobadilika. Mkatizo wa picha, kwa mfano kutoka ubaoni kwenda mezani, ni kituo kinachoonekana kwa mbali. Utapata mpando mzuri juu ya mkatizo wako, usio na uhusiano wowote na umakini wa mtazamaji. Mkatizo wa sauti peke yake hauwezi kufanya hivyo, kwani hauonekani kwenye picha ndogo. Basi mpando uliokaa sawasawa juu ya badiliko la picha uhesabie kuwa ni kituo cha kutua, mpaka `stoppedWatching` ikuonyeshe vinginevyo.

Matangazo nayo yaangalie. Video ya dakika 8 au zaidi inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati, na tangazo likitua 4:00 litawatoa watu ambao skripti haikuwakosea. Andika mahali matangazo yalipo kwenye jedwali lile lile la matukio.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba hasara hupungua yenyewe kadiri video inavyosonga, kwa sababu wasiovutiwa huwa wameshatoka. Ukilinganisha dakika ya 1 na dakika ya 5 utadhani kila ulichofanya katikati kilisaidia. Ndiyo maana nalinganisha nusu dakika na jirani yake tu. Na ukiweza, gawanya pia waliojisajili na wasiojisajili, YouTube Studio inaruhusu. Waliojisajili wanakuvumilia. Mteremko ukilegea kwa wasiojisajili ndipo ujue kipande kimejitegemea.

Tukirudi kwenye skripti, kwa matokeo haya ningebadilisha mambo matatu, na sitaongeza mkatizo hata mmoja. Kinyume chake ningeondoa. Mlio wa 2:30 haukubadilisha swali lililo kichwani mwa mtazamaji. Alikuwa anasikiliza maelezo yale yale kabla na baada. Mita ya 4:12 ilimpa kazi, akisie namba, kisha aone kama amepatia. Msimulizi wa hadithi wa pwani anapokatisha hadithi kwa wimbo, wimbo huo ni wa mhusika na wasikilizaji wanauitikia. Hauletwi kwa sababu dakika zimetimia. Mkatizo kwenye skripti upewe nafasi pale tu unapobadilisha anachofanya mtazamaji: kutoka kusikiliza kwenda kukisia, kutoka kuona maneno kwenda kuona kitu, kutoka kukubali kwenda kutilia shaka. Kwa video ya dakika 10, 4 au 5 za namna hiyo zinatosha, na ukiwa nazo chache utaweza kuzipima, kwa sababu kila moja itakuwa na nusu dakika safi mbele na nyuma yake.

Ubao wa 5:00 haufai kufutwa, kwa sababu bila salfeti jibu la 8:10 halieleweki. Uufupishe hadi sekunde 20 na uufunge kwenye fumbo. Sasa hivi unaanza na "Ndani ya betri kuna sahani za risasi na tindikali." Uanze na "Betri hii ya pili haikuisha, lakini ndani yake kuna kitu kile kile kinachoiua betri iliyoisha. Tazama." Maneno hayo yanamwambia mtazamaji kwamba akiruka ataruka kipande cha jibu. Kanuni ninayoitumia kwenye kuhariri ni kusoma kila aya na kuuliza: aliyeiruka atalielewa jibu? Kama atalielewa, bonde litakuwa hapo, uweke mikatizo mingapi.

Dakika moja na nusu kabla ya 8:10 ina tatizo la aina nyingine. Fumbo lilifunguliwa sekunde ya 20 na halikuguswa tena kwa dakika 7 na zaidi. Fumbo la muda huo wote linahitaji kuliwa kidogo kidogo. Dakika ya 3 ondoa mtuhumiwa mmoja: "Si paneli, nimezipima zote mbili." Dakika ya 6 na nusu ondoa mwingine: "Si maji ya betri pia, yamefika kwenye alama." Kila mtuhumiwa anayeondoka ni jibu dogo lenye faida kwa fundi anayetazama, na swali linabaki jembamba na kali zaidi. Epuka kukumbusha kwa maneno matupu ya "baki nami hadi mwisho". Hayo hayapunguzi watuhumiwa, na yanampa wazo la kuburuta kidole hadi mwisho.

Anguko la baada ya 8:30 linarekebishwa kwa mpangilio. Fumbo la pili lifunguliwe *kabla* ya la kwanza kufungwa, kama kwenye dakika ya 7: "Nikishakuonyesha kosa, nitajaribu kuifufua betri hii hapa hapa, na mita itatuambia kama imekubali." Likifunguliwa baada ya jibu, waliokuja kwa ajili ya jibu wameshafunga. Lakini kama baada ya jibu huna kitu cha kweli cha kuonyesha, usibuni fumbo; kata video ya dakika 10 iwe ya dakika 9 iishie kwenye jibu.

Kisha pima tena, kwa utaratibu huu: kwenye video zako 6 zijazo za urefu unaokaribiana, chagua kwenye skripti nafasi 4 za mikatizo, halafu kwa kurusha sarafu uamue 2 zitakazotekelezwa na 2 zitakazoachwa kavu. Utakuwa na nafasi 12 zenye mkatizo na 12 zisizo nao, zikiwa zimechaguliwa na sarafu, siyo na hisia zako kuhusu mahali panapochosha. Kwa kila nafasi andika hasara ya nusu dakika ya kabla, ya baada, na tofauti yake. Nafasi kavu nazo zitaonyesha mteremko kulegea mara kwa mara, bila sababu yoyote. Kiasi hicho ndicho cha kutoa kwenye zile zenye mkatizo kabla ya kuamua zimekupa nini. Fanya hivyo video zikiwa na umri unaolingana, tuseme siku 28 kila moja, kwa sababu watazamaji wa siku za mwanzo wengi wao ni waliojisajili, na wa baadaye wanatoka kwenye utafutaji wakiwa na swali lao mkononi na haraka ya kulijibu.